Mjomba, Nyama Imegoma Kushuka!

Msomaji wangu, leo naomba unisamehe. Ile kasheshe ya mama mwenye nyumba na mpangaji wake niliyokuahidi wiki iliyopita itasubiri kidogo. Kuna jambo limekaa rohoni mwangu muda mrefu, na kila nikikaa mezani nikaona mtu anasindikiza kila tonge na glasi ya maji, linanirudia. Leo tuongee habari za koo.

Dada yangu ameolewa Nyabusozi, kule Biharamulo mkoani Kagera. Desemba 2023 nilifunga safari kutoka Mwanza kwenda kula sikukuu kwake. Ng'ombe aliangushwa, ndizi zikapikwa, watu wakajaa uani. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22 aliyemaliza kidato cha sita, alikuwa kakaa karibu yangu. Mara nikamwona kaacha kula, kakodoa macho, mkono umeshika kifua hapa katikati. Akainuka taratibu akazunguka nyuma ya nyumba. Mimi nikadhani kaenda kuongea na mchumba kwenye simu, si unajua vijana wa siku hizi. Nikamfuata nimtanie.

Bwana wee! Nilimkuta kainama, anatema mate. Anatema, anangoja, anatema tena. Nikamuuliza, "Vipi mwanangu?" Akanijibu, "Mjomba, nyama imegoma kushuka. Hata mate hayapiti."

Basi, ukaanza mshikemshike. Mmoja akampiga ngumi za mgongo. Mwingine akaleta tonge kubwa la ugali ameze ili lisukume nyama. Shangazi yake akakoroga maji ya chumvi ili atapike. Bibi mmoja akanong'ona kwamba hii si bure, mtoto kapendeza, kuna jicho la mtu hapa. Na mzee wa pembeni akasema neno lililomkausha dada yangu: "Kaka yangu naye alianza hivi hivi. Ikawa kansa."

Sasa ngoja nikueleze tulichokosea siku ile, maana mimi mwenyewe nilikuja kukijua baadaye sana. Kijana alikuwa anaongea na anapumua. Kwa hiyo nyama haikuwa kwenye njia ya hewa. Anayepaliwa kwenye njia ya hewa hawezi kuongea, anageuka rangi, na huyo ndiye wa kumkimbilia kwa kumpiga mgongoni. Huyu wa kwetu nyama ilikuwa imekwama kwenye umio, yaani ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Mtu wa namna hii usimpe tonge la kusukumia, usimtie kidole, na hayo maji ya chumvi mwaga. Kutapika kwa nguvu wakati mrija umezibwa kunaweza kuupasua, na umio uliopasuka ndani ya kifua ni balaa linaloua. Aache kula na kunywa, na kama hata mate hayapiti, apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje kupambazuke. Huko wenye vifaa huingiza mpira wenye kamera wakaitoa nyama. Daktari alituambia ikiwezekana iwe ndani ya saa 6, na isizidi 24.

Tulimpakia kwenye gari la jirani kuelekea Biharamulo mjini. Hatujafika mbali, gari likaruka kwenye shimo, kijana akasema, "Imeshuka!" Tukapiga vigelegele, gari likageuzwa, tukarudi kula. Na hapo ndipo tulipofanya kosa la pili. Nyama ikishuka yenyewe watu husahau. Hakuna anayejiuliza ilikwama kwa nini.

Usiku ule nilimweka chini nikamhoji kama polisi. Kumbe mambo yalianza zamani, tangu kidato cha pili! Wali mkavu ulikuwa unasimama kifuani. Chapati alikuwa anaichovya kwenye chai mpaka inakuwa uji. Nyama anaikata vipande kama vya kuku wa kuombea. Kila matonge mawili, maji. Wenzake bwenini wanamaliza kula, wanaosha sahani, wanakwenda prepu, yeye bado anatafuna. Vidonge vikubwa anavivunja kwanza. Na mara nne au tano hivi chakula kiliwahi kukwama kabisa, akaenda kukitapika chooni peke yake bila kumwambia mtu.

Dada yangu akadakia, "Mimi nilidhani ni maringo! Huyu tangu mdogo anakula kama bibi harusi."

Msomaji, nataka ushike hapo. Ukimuuliza mtu wa namna hii kama ana shida ya kumeza, atakwambia hana. Hasemi uongo. Ameshazoea kula kwa hila mpaka hila zimekuwa desturi. Muulize hivi badala yake: Je, wewe ndiye wa mwisho kumaliza kula? Unasindikiza kila tonge na maji? Unaogopa kula nyama mbele za watu? Hapo ndipo ukweli unapotoka.

Tena kulikuwa na dalili nyingine ambayo hatukuiunganisha na koo. Utotoni kijana alikuwa na pumu. Alikuwa na ngozi inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko, na mpaka leo vumbi likitimka anapiga chafya kumi mfululizo. Nani angedhani chafya na nyama kukwama ni ndugu?

Januari 2024 akaanza kuzunguka hospitali. Ya kwanza, ambayo sitaitaja, walimpima damu. Wakakuta aina fulani ya chembe nyeupe za damu ziko juu. Chembe hizo huitwa eosinofili. Wakasema ni minyoo, wakampa dawa ya minyoo. Wala siwalaumu, maana kwetu ukiona eosinofili zimepanda, kumshuku mnyoo ni jambo la busara. Kijana akameza dawa, nyama ikaendelea kukwama kama kawaida.

Ya pili, nayo nitaihifadhi jina, walimpa omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kisha baada ya wiki kadhaa wakamwingiza mpira wa kamera. Mpira ukashuka, ukapanda. Majibu: umio safi, hakuna uvimbe, hakuna kidonda. Hawakukata kinyama hata kimoja cha kwenda kupima. Akaambiwa ni wasiwasi, apunguze mawazo.

Dada yangu alifurahi kusikia si kansa. Na kusema kweli hofu yake haikuwa ya kijinga. Kansa ya umio ipo kwa wingi katika ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki. Lakini mwendo wake huwa tofauti. Kansa kwa kawaida hubana wiki hadi wiki: leo nyama haipiti, baada ya muda ugali haupiti, mwisho hata uji unakataa, na mgonjwa anakonda ukimwona. Huyu wetu alikuwa na miaka saba ya kukwama na kuachia, na uzito wake uko pale pale. Lakini hayo si ya kuamulia nyumbani. Kila anayekwamwa na chakula anatakiwa aangaliwe kwa kamera, awe kijana au mzee.

Aprili 2024 nyama ikakwama tena, safari hii kwa saa 9, na mbaya zaidi alikuwa kwenye kikao cha mahari ya rafiki yake. Aibu aliyoipata hiyo! Kijana akaanza kukataa mialiko. Harusi haendi, kipaimara haendi, anasema anaumwa kichwa. Nikampigia dada simu, nikamwambia mtume Mwanza. Siku hizo bado watu walivuka kwa kivuko pale Kigongo na Busisi, daraja lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Akafika kwangu kachoka, mkononi ana bahasha ya karatasi za vipimo vyote.

Tukamwona daktari wa magonjwa ya tumbo katika hospitali moja kubwa. Mama wa makamo, mpole, miwani iko kwenye ncha ya pua. Alisoma zile karatasi zote, hakusema kitu. Kisha akamuuliza kijana kuhusu pumu, kuhusu ngozi, kuhusu chafya. Akageukia ile karatasi ya "umio safi" akaigonga kwa kalamu. "Wameangalia," akasema, "lakini hawakuuliza nyama yenyewe inasemaje. Nitarudia kipimo, na safari hii nitakata vinyama."

Akatueleza kwa lugha ya mtu na mtu. Zile eosinofili ni askari wa mwili. Kazi yao kubwa ni minyoo na mambo ya mzio, yaani mwili kukichukia kitu kisicho na ubaya, kama vumbi au chakula. Unaweza kuwakuta kwenye damu, tumboni na kwenye matumbo, huko wanaishi kihalali. Lakini kwenye ngozi ya ndani ya umio, mtu mzima wa afya hana hata mmoja. Wakijazana huko, wanaichokoza, inavimba, inakakamaa, na mrija uliotakiwa kutanuka kupitisha nyama unakuwa kama bomba la plastiki lililopigwa jua. Ugonjwa wenyewe unaitwa esofajaitisi ya eosinofili. Wala usihangaike kuutamka, mimi mwenyewe ulinichukua siku mbili.

Nikamuuliza, "Daktari, mbona hatujawahi kuusikia?" Akacheka. Akasema hata madaktari hawakuwa wakiutambua kama ugonjwa unaojitegemea mpaka mwaka 1993, pale daktari wa upasuaji Stephen Attwood na wenzake walipoandika habari za wagonjwa 12 waliokuwa wakishindwa kumeza, umio zao zimejaa eosinofili, wala hawakuwa na asidi ya kueleza hali hiyo. Mwaka uliofuata, 1994, Alex Straumann wa Uswisi naye akaandika juu ya wagonjwa wa aina hiyo hiyo. Kabla ya hapo, eosinofili zikionekana kwenye umio, watu walisema ni asidi inayopanda kutoka tumboni, basi.

Akaongeza jambo moja muhimu: ile omeprazoli aliyokuwa anameza kabla ya kipimo cha kwanza inaweza kuwatuliza hao askari kwa baadhi ya wagonjwa, hata kipimo kikadanganya. Kwa hiyo ukienda kupimwa, sema mapema unameza nini. Wa kwetu alikuwa ameshaiacha kwa miezi miwili. Choo pia kilipimwa upya, ili minyoo itolewe kabisa kwenye kesi.

Kipimo chenyewe, siku ile hakula tangu usiku. Koo likapuliziwa dawa ya ganzi, akachomwa sindano ya kumlegeza, akalala ubavu wa kushoto. Mimi nilikuwa nje nasali. Baadaye daktari alinionyesha picha. Safari hii, kwa jicho lililojua linatafuta nini, umio haukuwa msafi hata kidogo. Kulikuwa na mifereji myembamba ya wima kama matuta ya viazi, na kwa mbali pete pete kama za koo la kuku. Lakini akanionya nisidanganywe na picha: wapo wagonjwa ambao kwa kamera umio unang'aa kabisa, na ugonjwa umo.

Ndiyo maana alikata. Vinyama sita, kila kimoja kama punje ya ufuta: vitatu chini karibu na tumbo, vitatu juu. Alikata pia vichache tumboni na kwenye utumbo wa mwanzo, kuona kama askari wamejazana na huko. Kijana hakusikia maumivu. Vinyama vikatiwa kwenye vichupa vya fomalini, cha chini mbali na cha juu, vikaenda maabara. Tukasubiri wiki mbili.

Majibu yalipokuja, nilielewa kwa nini sita. Mtaalamu wa maabara anatazama kwa darubini kali, anahesabu eosinofili katika duara moja analoliona, na anachukua sehemu iliyojaa zaidi. Mpaka ni 15. Kuanzia 15 kwenda juu kwa mtu mwenye shida ya kumeza, bila sababu nyingine, ndio ugonjwa wenyewe. Kinyama kimoja cha kijana kilikuwa na 48. Kingine 31, kingine 22, kingine 17. Lakini viwili vilivyobaki vilikuwa na chini ya 5. Umeona? Ugonjwa huu umekaa mabaka mabaka kama mvua za vuli, unanyesha shamba hili unaruka lile. Angekatwa kinyama kimoja tu, na kikawa kati ya vile viwili, tungerudi Nyabusozi tukiambiwa ni wasiwasi kwa mara ya pili.

Kijana aliposikia ana ugonjwa, alitabasamu. Nilishangaa. Akaniambia, "Mjomba, miaka saba naambiwa ni maringo."

Haya, dawa sasa. Daktari alimwekea mezani njia tatu. Ya kwanza ni omeprazoli kwa kipimo kikubwa, mara mbili kwa siku, ambayo inawafaa karibu wagonjwa wanne katika kila kumi. Ya pili ni dawa ya jamii ya steroidi, lakini ya kumeza ili ipake umio, siyo ya kuzunguka mwili mzima. Ya tatu ni kumtafuta adui kwenye chakula, maana kwa wengi mzio wenyewe unatokana na chakula. Washukiwa wakuu ni sita: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na jamii yake, na samaki na jamii yake. Vipimo vya mzio vya ngozini havisaidii sana kumtaja mhalifu. Njia ya uhakika ni kuacha chakula, kukata vinyama, na kuhesabu tena.

Nikasema, sita vyote? Atakula nini huyu, mawe? Daktari akasema utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 uliwagawa watu wazima 129 makundi mawili. Walioacha vyakula vyote sita, 40 katika kila 100 hesabu yao ilishuka chini ya 15 baada ya wiki sita. Walioacha maziwa peke yake, 34 katika kila 100. Tofauti ndogo namna hiyo haistahili mateso ya kuanza na sita. Kijana akachagua kuanza na maziwa.

Ewaa! Na hapo ndipo kasheshe ya familia ilipoanzia. Nyumba ya dada yangu ni nyumba ya ng'ombe. Maziwa ndiyo ada ya shule, maziwa ndiyo heshima ya mgeni. Kijana karudi nyumbani anasema maziwa sinywi, mtindi sinywi, samli siweki, chai yangu ya rangi. Baba yake alikaa kimya siku mbili. Ya tatu akauliza, "Kwa hiyo ng'ombe zangu ndizo zilizokuwa zinakuua?" Ikabidi nipige simu niwe msuluhishi. Nikamwambia, shemeji, si ng'ombe wenye kosa, ni mwili wa mtoto, na bado hatujajua, tunapima tu.

Ndizi, viazi, mihogo na maharage vilimbeba vizuri. Kazi ilikuwa maziwa ya kujificha: mandazi yaliyokandwa kwa maziwa, biskuti, keki ya ubarikio, mboga iliyoungwa kwa samli. Daktari alisema kulegeza kidogo kidogo kunaharibu jaribio zima. Dada akamtengea sufuria yake.

Julai 2024, baada ya wiki nane, akarudi Mwanza. Alisema anajisikia nafuu. Mimi nikashangilia. Vinyama vikakatwa, majibu yakaja: 39. Maziwa hayakuwa na hatia, au hayakuwa peke yake. Kama tungemwamini jinsi anavyojisikia, angeacha maziwa maisha yake yote bure, na huku moto unawaka ndani. Ndiyo sababu kila ukibadilisha dawa au chakula unarudi kwenye kamera, hata kama unajisikia kuimba.

Alikuwa na hiari ya kuendelea kuondoa vyakula vingine, na kila hatua ina kipimo chake, na kila kipimo kina nauli na fedha. Akasema hapana, tujaribu steroidi.

Hapa nisikilize vizuri, maana ni dawa yenye masharti. Kuna nchi ambazo zina vidonge maalumu vya kuyeyuka mdomoni, Ulaya viliruhusiwa mwaka 2018. Sisi tulitumia njia ya kienyeji ambayo madaktari duniani wanaijua: budesonaidi, ile ya majimaji kwenye vichupa vidogo ambayo wagonjwa wa pumu huivuta kwa mashine. Yeye haivuti. Aliandikiwa miligramu 1 asubuhi na miligramu 1 usiku, yaani vichupa viwili vya nusu miligramu kila mara. Ikimezwa kama maji inapita mbio hadi tumboni na haifanyi kazi. Lazima iwe nzito ili iteleze polepole na kupaka umio. Kwa hiyo anaichanganya na vijiko viwili vya chai vya asali, na asali ya Biharamulo unaijua mwenyewe, haina papara. Anaimeza kidogo kidogo baada ya chakula. Baada ya hapo, nusu saa nzima hali wala hanywi kitu. Kisha anasukutua mdomo na kutema.

Kosa la wengi ni kunywa maji mara tu baada ya dawa ili kuondoa utamu. Umeiosha dawa yako, ndugu yangu. Madhara yanayojitokeza mara nyingi ni fangasi, utando mweupe kinywani au kwenye umio. Ukiona kumeza kunaanza kuuma wakati mwanzo hakukuuma, mwambie daktari, unatibika. Na mchanganyiko huu usiuanze kwa kusoma safu ya gazeti. Pumu isiyo na uhusiano na koo, kisukari na ujauzito vyote vinabadilisha hesabu.

Novemba 2024 wakakata tena. Kile kilichokuwa na wengi zaidi kilikuwa na 3. Tatu! Tangu 48. Maziwa yakaruhusiwa.

Lakini haijaisha, na sitaki kukudanganya. Ugonjwa huu dawa inautuliza, haiung'oi. Ukiacha, askari wanarudi. Kijana alipunguziwa kipimo, lakini anaendelea. Sindano mpya, dupilumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2022 kwa ugonjwa huu, ila bei yake ni ya kuuza kundi zima la ng'ombe. Na ukiuacha ugonjwa ujiendeshe, mrija unaota makovu na kuwa mwembamba. Waswisi waliwafuatilia wagonjwa 200, wakaandika mwaka 2013: waliogunduliwa ndani ya miaka miwili tangu dalili zianze, 17 katika kila 100 walikuwa na mahali pembamba kwenye umio. Waliochelewa zaidi ya miaka 20, ni 71. Hao inabidi wapanuliwe kwa puto, na mara nyingi si mara moja. Wa kwetu tulimwahi kwenye mwaka wa saba. Kamera ilipita bila kugoma.

Krismasi iliyopita nilikuwa tena Nyabusozi. Safari hii kijana alikaa katikati ya wenzake. Nilimtazama kwa jicho la pembeni, kama askari wa trafiki. Alikula nyama, akatafuna, akameza, akaendelea na hadithi aliyokuwa anawasimulia. Glasi ya maji ilikuwa mbele yake, imejaa. Baba yake akamimina maziwa kwenye kikombe, akamsogezea bila kusema neno. Kijana akapokea kwa mikono miwili.

Haya, wiki ijayo nakurudishia mama mwenye nyumba wako. Kwa leo, kama kwako yupo anayeitwa mwenye maringo ya kula, hebu muulize yale maswali matatu.